Kibao Kilichopita Mstari

Tarehe tisa ya mwezi wa pili nilifiwa na mke wangu. Aliugua siku sita tu. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo. Mimi ni fundi mbao; nilimaliza shule ya msingi, nikaongeza miaka miwili, kisha nikashika randa. Aliacha nguo zake, miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, madaftari kumi na moja, na ubao wa mita mbili ambao niliuranda mimi mwenyewe.

Nataka kuandika juu ya ubao huo, kwa sababu kila ninapoukumbuka nacheka, na sitaki kumkumbuka kwa kulia peke yake.

Ilianza mwaka mmoja kabla hajafa. Aliingia karakanani akitoka shule, vumbi la chaki kwenye mikono, akasimama mbele ya meza yangu.

"Fundi," akasema. Siku za kawaida aliniita Baba. Akiniita Fundi nilijua iko kazi.

"Sema, Madame."

"Nataka barabara."

"Barabara ya kwenda wapi?"

"Ya mita mbili tu. Nusu ya kwanza iteleze kama sabuni. Nusu ya pili ikatae mutu kupita."

Nikamwambia barabara ya namna hiyo tunayo tayari, ya kwenda kwao Wamaza, nayo haina haja ya fundi. Akanipiga begani na daftari.

Alichotaka kilikuwa hiki. Mwisho mmoja wa ubao nipigilie kizuizi, na juu ya kizuizi nifunge resori, ule waya wa kujisokota unaosukuma ukiubana. Mbele ya resori tuweke kibao cha mti. Tukirudishe nyuma mpaka resori ijibane, tukizuie kwa msumari mbele yake, kisha tuuvute msumari juu kwa kamba. Resori itakirusha. Kibao kitapita sehemu laini bila kupoteza kitu, au karibu bila kupoteza, kitaingia sehemu ya kukwaruza, na hapo kitasimama. Wanafunzi wake wanapaswa kujua kitasimama wapi kabla hakijaachiliwa.

"Kabla?" nikauliza.

"Kabla. Baada ya hapo hata mbuzi anaweza kuona."

Resori niliitoa kwenye kiti cha sofa cha prefe, mkuu wa shule yao, alichokuwa amekileta nikitengeneze. Niliomba ruhusa, naye akakubali kwa ajili ya sayansi. Mpaka leo akikaa upande wa kushoto anazama kidogo, na akinikuta njiani ananiambia, "Fundi, fizikia yenu inaniumiza kiuno."

Kibao nilikikata kwenye mti mgumu mwekundu, nikakipunguza kidogo kidogo kwa randa mpaka mizani ya muuza chumvi ikasema kilo moja kamili. Nusu ya ubao niliisugua kwa karatasi ya msasa, nikaipaka nta ya mshumaa mpaka inzi akitua anapata tabu. Nusu ya pili niliifunika kwa gunia. Kwanza nilichimba mbao kwa unene wa gunia lenyewe, ili kibao kisijikwae kikitoka kwenye nta. Hilo nililiwaza mimi, yeye hakuliwaza, na alilisema mbele ya watu.

Nilimuuliza atajuaje kitasimama wapi, kwa kuwa kitu kikirushwa kimerushwa. Alikaa juu ya rundo la takataka za randa akanieleza kwa lugha ya kwangu.

Alichukua resori akaniambia niisukume kwa kidole. Mwanzoni ni laini, kadiri unavyoendelea inakuwa kaidi. Tukaisimamisha mezani, tukaweka kibati juu yake na chumvi ya kilo nne ndani. Ikashuka santimetre kumi. Kilo nne, akasema, ni uzito wa nyutoni arobaini ukikadiria hesabu. Kwa hiyo mwanzoni resori inakataa kwa sifuri, na kwenye santimetre ya kumi inakataa kwa arobaini. Katikati yake ni ishirini. Ishirini ukizidisha kwa sehemu moja ya kumi ya mita unapata mbili.

"Mbili ya nini?"

"Juli mbili. Iseme chakula. Resori inamupa kibao sahani mbili za chakula, inamuambia safiri."

"Na gunia?"

"Gunia njo linakula, ndilo lenyewe."

Akafunga kibao kwenye kipimo chake cha kuvuta, kile chenye ndoana na mshale, akakiburuta polepole juu ya gunia bila kubadili mwendo. Mshale ukakaa kwenye nne. Nyutoni nne. Maana yake kila mita moja gunia linakula sahani nne. Kibao kina sahani mbili. Basi hakifiki mita, kinaishiwa kwenye nusu.

"Santimetre hamsini," nikasema.

"Ona sasa! Na ulikuwa unasema uliacha shule."

Alipiga mstari wa penseli kwenye ukingo wa ubao, santimetre hamsini kutoka gunia linapoanzia, akaandika 50 pembeni. Kwenye kibao alinichoresha mstari wa katikati, tukauita mshipi. Alisema tupime kwa mshipi, si kwa pua ya kibao, kwa kuwa pua ikiingia kwenye gunia kiuno bado kiko kwenye nta, na gunia halijaanza kukila chote. Kisha akavuta kamba. Kibao kikapiga resori kwaheri, kikalia sss juu ya nta, kikalia krrr juu ya gunia, kikasimama. Mshipi ulipita mstari kwa upana wa ukucha.

Hakuruka, hakupiga kelele. Aliugusa ubao akasema, "Asante, ubao," kama mtu aliyepokelewa mzigo. Mwaka ule wote aliupeleka darasani na kuurudisha, na kila mara kibao kilisimama kwenye mstari wake au karibu nao.

Binti yetu wa mwisho alikuwa finalisti wa sayansi, yaani yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na mama yake ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Nyumbani alimwita Mama, darasani Madame, na nje ya mlango wa darasa alichanganya, wenzake wakamcheka. Kila alichojua cha fizikia kilitoka kwenye daftari la mama yake. Alilinakili neno kwa neno.

Kisha kikaja kilio, matanga yake. Watu walitoka Nyangwe na samaki, watu walitoka Wamaza juu ya pikipiki, watu walitoka mitaa yote ya hapa. Wanawake waliingia karakanani wakachukua kila mbao ya kukalia na ya kuwekea vyungu. Mimi nilikaa upande wa wanaume. Mengi ya siku zile siyakumbuki, na sitajifanya nayakumbuka.

Katika mwezi wa tano shule ilipata mwalimu mpya, kijana mpole aliyetoka Kindu. Mtihani wa taifa, ule tunaouita Egzetat, ulikuwa umebaki wiki tano. Alikuja nyumbani kwangu na kofia mkononi.

"Baba, pole tena. Wanafunzi wananiambia iko ubao wa Madame. Ninaweza kuuomba?"

Nilifurahi sana. Niliutoa nyuma ya karakana nilipokuwa nimeukuta umeegeshwa baada ya kilio, safi kabisa, nikapaka nta mpya, nikaubeba begani mpaka shule. Mwalimu akaniambia nibaki nione. Nilikaa kwenye dawati la nyuma ambalo magoti yangu hayakuingia.

Mwalimu aliandika hesabu ukutani kwa namba za daftari la mke wangu: resori ya arobaini kwa santimetre kumi, kibao cha kilo moja, gunia la nyutoni nne. Akapata hamsini. Akauliza nani atakuja kuweka alama. Binti yetu alikuwa amesimama tayari.

"Haina haja ya alama," akasema. "Mama aliisha kuiweka. Ni hapa. Hakipiti."

"Hakipiti?" akauliza kijana mmoja wa mstari wa mbele, mrefu, mwenye sauti ya kuuza vitu sokoni.

"Hakipiti."

Mwalimu akavuta kamba. Kibao kikalia sss, kikalia krr, kikafika mstarini, kikaupita. Kiliupita bila hata kusita, kikaenda kusimama mbali. Mwalimu akapima: sitini na saba.

Darasa lililipuka. Yule mrefu akapiga meza. "Iko inaenda kwao! Hamsini ya Wamaza ni ndefu, jamani!"

"Ubao wa Madame umelewa!" akasema mwingine.

Walicheka bila ubaya, walimpenda mke wangu, wengine walikuwa wamelia kwenye kilio mpaka wakashikwa. Lakini binti yetu hakucheka. Mwalimu alirudia mara mbili. Sitini na sita. Sitini na saba. Akajikuna kichwa, akasema kwa upole, "Hesabu yenyewe ni sawa. Labda Madame alisoma vibaya namba moja alipopima. Inatokea kwa kila mutu."

Binti akafunga daftari. Nilisikia jinsi lilivyofungwa.

Nyumbani aliliweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa ya sherehe.

"Mama hakukosea," nikamwambia. "Nilikuwepo."

"Baba, daftari lina kurasa mia na zaidi, na zote nilizishika kwa kichwa. Kama namba moja ni ya uongo, nitajuaje zingine? Zimebaki wiki tano. Siwezi kuanza tena, na siwezi kuenda na hizi."

"Basi utafanya nini?"

"Nitaandika yale mengine. Fizikia nitaacha wazi."

Nilijua maana yake. Sehemu ile ikiachwa wazi, Egzetat ya sayansi haipiti, na mtoto aliyesoma miaka sita anarudi kukaa nyumbani. Siku tatu daftari halikushuka.

Mimi sijui hesabu za herufi, lakini kitu nilichokitengeneza kikiharibika nakipima kipande kwa kipande. Niliurudisha ubao karakanani. Kwanza niliweka nivo, kile kipimo cha usawa, juu yake, nikifikiri labda sakafu ya darasa ilikuwa imelala upande. Niliuweka sawa kabisa nikaachilia kibao: sitini na saba. Niliipima resori kwa chumvi: kilo nne, santimetre kumi, kama zamani. Nilikwenda na kibao kwa muuza chumvi: kilo moja, upungufu wa nusu kijiko labda. Gunia nililiangalia kwa macho tu, kwa kuwa kipimo cha kuvuta kilikuwa cha shule. Lilikuwa safi kuliko zamani. Sikuona kosa.

Hapa naandika kitu ambacho ningependa kukiruka. Siku ya nne, asubuhi, nilichukua penseli na kidole chenye mate. Niliwaza hivi: nikifuta mstari wa hamsini nikaupiga kwenye sitini na saba, kisha nikamwambia mtoto, angalia, mama yako aliandika sitini na saba, sisi ndio tulisahau. Nani atajua? Nilianza na ile 50. Nilifuta sifuri. Ilitoka kirahisi. Kisha nikaiona ile tano iliyobaki, tano yake, yenye kofia ndefu kama alivyoandika siku zote hata kwenye orodha ya sokoni, na mkono wangu ukakataa. Nikarudisha penseli sikioni. Lakini sifuri ilikuwa imekwisha kwenda.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa juu, pikipiki ilisimama uani. Alishuka shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mkulima wa Wamaza, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alileta karanga gunia zima, na malalamiko juu ya dereva.

"Shemeji, huyu kijana hana breki! Ameanza kufunga breki kule sokoni, tumesimama hapa kwako!" Dereva akacheka. Shemeji akaingia karakanani kutafuta kivuli, akauona ubao, akapiga makofi.

"Aa! Meza yangu!"

"Meza gani, dada?"

"Meza yangu ya kilio! Hii njo ilinisaidia. Zile mbao zako zingine, Shemeji, usikasirike, zinateleza. Umezisugua mno. Ukiweka chungu ya sombe, majani yetu ya muhogo, chungu inatembea kama iko na miguu. Nikaona hii iko na gunia. Nikasema, hapa chungu inakaa. Siku zote za kilio vyungu vya sombe vilikaa hapa, na hakuna hata kimoja kilichoanguka."

Binti yetu alikuwa mlangoni na beseni la maji ya kumkaribisha shangazi... nimekosea, ni mama yake mkubwa. Beseni lilibaki mikononi.

"Mama mukubwa," akasema polepole. "Sombe iko na mafuta?"

"Mutoto gani anauliza vile? Sombe ya kilio cha dada yangu, niipike bila mawese? Iko na mawese mpaka inalia! Ilimwagika kidogo. Haya, ilimwagika sana. Nikaona aibu, ubao wa fundi. Nikaosha kwa sabuni na majivu, nikasugua, nikasugua, mpaka gunia likalala kama nywele za mutoto wa shule. Nikaegesha nyuma. Sikusema kwa mutu. Kwani kumeharibika nini?"

Niliinama nikanusa gunia. Juu lilinuka sabuni. Nilipolikandamiza kwa kidole gumba, chini, kwenye nyuzi, likanuka mawese.

Binti aliweka beseni chini, hakumkaribisha mtu maji, akakimbia. Shemeji akaniangalia.

"Nimeua mutu?"

"Hapana, dada. Kaa. Ngoja."

Alirudi akihema, na kipimo cha kuvuta ambacho mwalimu alimpa bila hata kuuliza. Akafunga kibao, akakiburuta polepole juu ya gunia. Alikuwa bado anahema, mshale ukarukaruka. Nikamwambia avute kama anavyovuta mtu mgonjwa kwenye kitanda. Akavuta tena, taratibu, na mshale ukatulia.

"Tatu," akasema. "Baba, ni tatu! Haiko nne!"

Alichukua kaa la moto uliozimika akaandika ukutani kwangu. Mimi niliisema kwa mdomo kabla hajamaliza, kwa ile lugha ya sahani: resori inatoa mbili kama zamani, gunia sasa linakula tatu tu kwa mita, basi kibao kinasafiri mbili ya tatu ya mita.

"Sitini na sita na kitu!" akalia. "Sitini na saba!"

"Njo vile kilifanya darasani," nikasema.

"Mama hakusoma vibaya. Mama alisoma gunia lenye kuwa kavu!"

Shemeji alikuwa ameshika kichwa. "Ina maana ni mimi? Mimi na sombe yangu nimevuruga fizikia ya dada yangu?"

"Umeilainisha, Mama mukubwa," mtoto akasema, na akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili kumsikia akicheka hivyo, kwa tumbo lote. Kisha macho yake yakaanguka kwenye ukingo wa ubao. "Baba. Nani aliandika tano?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, penseli, mate, na nilichotaka kumdanganya.

Mtoto aliigusa ile tano kwa kidole. "Baba, umeiba sifuri ya Mama."

"Nimeiba."

"Iache vile. Tusiandike bado."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda shuleni watatu, ubao begani kwangu. Shemeji alikataa kubaki. Alisema yeye ndiye mkosaji na mkosaji hujitokeza mwenyewe. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama mbele ya finalisti wote na mwalimu wao, akasema, "Mimi ni mulimaji wa Wamaza. Sijui mambo yenu. Ni mimi niliyemwaga mawese kwenye fizikia ya dada yangu. Hakukosea."

Wakapiga makofi kama harusini. Yule kijana mrefu akauliza, "Mama, na sombe ilibakia?"

"Ya kukupa wewe? Hamsini ya Wamaza ni ndefu, utasubiri sana!" Binti alikuwa amemsimulia kila kitu. Kijana akajificha nyuma ya daftari.

Mwalimu mpya alimpa binti yetu chaki, akakaa kwenye dawati lake. Mtoto akaburuta kibao mbele yao ili waone mshale kwenye tatu. Akaandika hesabu ukutani. Akapiga alama ya chaki kwenye santimetre sitini na saba, akamwita yule mrefu avute kamba mwenyewe ili asiseme kuna ujanja. Kibao kikatoka, sss, krr, na mshipi ukasimama juu ya chaki. Mwalimu akapima: sitini na sita na nusu.

Halafu nikafanya kazi yangu. Nilitoa misumari, nikaling'oa gunia lile, nikakwangua mbao ya chini palipokuwa pamenyonya mafuta. Nilikuja na kipande kingine. Kilikuwa nusu iliyobaki ya gunia lile lile la kwanza, iliyokuwa ikining'inia kwenye dirisha la karakana kuzuia vumbi. Nilikikung'uta, nikakinyoosha, nikakipigilia, darasa zima likihesabu misumari kwa sauti.

"Hamsini!" wakaanza kupiga kelele. "Hamsini! Hamsini!"

"Ngojeni," mtoto akasema. "Hili si lile. Tupime kwanza."

Akaburuta. Mshale ukakaa juu kidogo ya nne, kwenye nne na mgawanyo mmoja. Mwalimu akainama, akasema, "Nne nukta mbili." Mtoto akagawanya mbili kwa nne nukta mbili.

"Arobaini na nane," akasema. "Kitasimama kwenye arobaini na nane. Kitapungukiwa kufika kwa Mama."

Nakiri kwamba moyoni nilitaka kifike hamsini. Nilitaka sana. Nilishika mguu wa dawati.

Alivuta kamba mwenyewe. Kibao kiliteleza, kikaingia kwenye gunia, kikalia kwa sauti ya zamani, ile nzito, ambayo nilikuwa sijajua kama naikumbuka. Mshipi ulisimama upana wa kidole kimoja kabla ya mstari wa penseli. Mwalimu akapima, akasimama wima. "Arobaini na nane."

Hakuna aliyecheka safari hii mpaka yule mrefu aliposimama, akainama kidogo kama wanavyoinama mwalimu akiingia, akasema, "Asante, Madame." Hapo wakacheka wote, na yeye binti yetu, na mwalimu, na shemeji aliyekuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mtoto aliomba penseli kutoka sikioni kwangu. Akapiga mstari wake mdogo kwenye arobaini na nane, akaandika 48. Kisha akasogea kwenye ule wa mama yake, akairudisha sifuri. Sifuri yake ni ya mviringo kuliko za mama yake. Inaonekana wazi ni mikono miwili.

Jioni daftari lilishuka kutoka nyuma ya sufuria. Alilifungua ukurasa wa kwanza kabisa na kuanza upya. Namba alizoweza kupima mwenyewe, alizipima. Aliining'iniza sufuria yangu ya gundi, akaangusha mawe kisimani, akanivunjia kioo kimoja. Shemeji alirudi Wamaza na lile gunia la mafuta limefungwa nyuma ya pikipiki. Alisema huko kwake ndiyo meza bora, chungu hakitembei.

Egzetat ilifika. Siku ya fizikia nilimsubiri nje ya ukuta wa kituo cha mtihani pamoja na wazazi wengine. Alitoka kati ya wale wa mwisho, wino kwenye kidole.

"Baba," akasema.

"Sema."

"Nimejibu yote. Sikuacha kitu wazi." Akanipa miwani ya mama yake, ile ya uzi, aliyokuwa ameiweka mfukoni bila mimi kujua. "Lakini resori haikutoka. Hata swali moja. Waliuliza mambo ya maji na umeme."

"Haikutoka kabisa?"

"Kabisa."

Tulicheka mpaka polisi wa mlangoni akatuambia tusogee. Tukasogea, tukanunua karanga za kuchemsha, tukatembea kurudi nyumbani.